Maelezo 19 ya walioacha kazi, njia tatu za kuyafupisha: ipi itakufaa?

Mtu analeta barua ya kujiuzulu, anakaribishwa ofisini, anaulizwa maswali kwa nusu saa, na majibu yake yanaandikwa kwenye ukurasa mmoja au miwili. Karatasi inaingia kwenye faili. Mwaka unapoisha mkurugenzi anauliza, "Hivi watu wanaondoka kwa nini?" Hapo ndipo faili linapotolewa kabatini, na afisa utumishi anajikuta na rundo la maelezo yasiyofanana, kila moja limeandikwa na mtu tofauti kwa mtindo wake.

Nimeifanya kazi hii kwa miaka kadhaa, na mfano ninaoutumia hapa unatoka kampuni moja ya usambazaji wa bidhaa jijini Dar es Salaam yenye wafanyakazi wapatao 140: madereva, wapakiaji, watunza stoo, wauzaji na watu wa ofisini. Nimebadili mambo madogomadogo ili kampuni na watu wake wasitambulike. Katika miezi 12, watu 31 waliacha kazi kwa hiari yao. Kati yao, 19 walihojiwa. Nilikuwa na maelezo 19 mezani na siku nne za kutoa jibu.

Nilichokifanya, kwa sababu nilikuwa na wasiwasi na njia niliyoizoea, ni kuyafupisha maelezo yaleyale kwa njia tatu. Majibu hayakufanana, na tofauti yenyewe haikuwa ndogo.

| | Kusoma yote na kuandika picha iliyobaki kichwani | Kumweka kila mtu kwenye kisanduku cha orodha iliyopo | Kuchota sababu kwenye maneno yao na kuhesabu watu |
|---|---|---|---|
| Muda kwa maelezo 19 | Mchana mmoja | Saa mbili | Siku mbili na nusu |
| Sababu ya kwanza iliyotoka | Makato ya ajali na maslahi duni | Maslahi (9), kisha familia (4) | Ratiba ya shifti kutolewa kwa kuchelewa (7) |
| Inapokosea | Aliyepaza sauti anahesabiwa kama kumi | Maneno mapana yanaficha mambo tofauti | Msomaji anaweza kuona anachokitafuta |
| Mwingine akirudia atapata jibu lilelile? | Mara chache | Karibu kila mara | Ndiyo, kama maana ya kila lebo imeandikwa |

Njia ya kwanza ndiyo wengi wetu tunayoitumia bila kuipa jina. Unasoma faili zima, unafunga, unaandika aya tatu. Si njia ya kudharau. Kama una maelezo manne au matano, hakuna cha kuhesabu, na msomaji makini anayewajua watu wake atatoa picha nzuri kuliko jedwali lolote. Shida inaanza rundo linapokua. Katika yale 19 kulikuwa na dereva mmoja aliyekatwa mshahara miezi mitatu mfululizo kulipia taa na bampa la gari lililogongwa likiwa limeegeshwa. Maelezo yake yalikuwa kurasa tatu, na neno "makato" lilionekana mara sita. Nilimwonea uchungu, na bado namwonea. Lakini nilipoandika muhtasari wa kwanza, makato yalikuwa kwenye sentensi ya kwanza kabisa, kana kwamba ndiyo yanayowaondoa watu. Niliporudi kuhesabu, alikuwa peke yake. Mtu 1 kati ya 19. Malalamiko yake yanastahili kushughulikiwa kama malalamiko yake, kwa haki kamili. Kuyafanya kuwa sababu ya kampuni nzima ni jambo jingine.

Kuna njia rahisi ya kujua kama muhtasari wako una kasoro hii. Chukua kila sababu uliyoitaja, kisha andika pembeni namba za karatasi ulizoitoa. Ukikuta sababu mbili kati ya tatu zinatoka kwenye karatasi ileile, au kwenye karatasi mbili za mwisho ulizosoma, rudia kazi.

Njia ya pili inapendwa kwa sababu inatoa namba upesi. Fomu yetu ilikuwa na visanduku vinane: maslahi, mazingira ya kazi, uongozi, masomo, familia, kuhama makazi, afya, nyingine. Anayehoji anatia tiki kisanduku kimoja, na mwisho wa mwaka unajumlisha. Tulipata maslahi 9, familia 4, uongozi 2, masomo 2, nyingine 2. Jumla 19, imekaa sawa, inapendeza kwenye slaidi.

Nataka nikae kidogo kwenye hilo neno "maslahi", kwa sababu ndilo linaloharibu taarifa nyingi za namna hii huku kwetu. Maslahi ni neno la heshima. Mtu akitaka kuondoka bila kumkwaza yeyote anasema anafuata maslahi mapana, na anayeandika anafurahi kwa kuwa sentensi imekamilika. Ndani ya neno hilo kuna mshahara mdogo, mshahara unaochelewa, ovataimu isiyolipwa kwa wakati, posho iliyoondolewa, mtu mpya aliyeingia juu ya wa zamani, na kunyimwa cheo. Kila kimoja kina tiba yake, na baadhi ya tiba hizo hazihitaji kuongeza hata shilingi kwenye mishahara.

Nilizisoma upya zile karatasi 9 za maslahi, safari hii nikifuata sentensi zilizo chini ya tiki. Watu 3 walisema ovataimu yao ililipwa mwezi mmoja au miwili baadaye. Wengine 3 walisema mtu mpya kaajiriwa kwa kazi ileile na mshahara wa juu kuliko wao. Ni 2 tu waliosema mshahara wenyewe hautoshi. Aliyebaki, karatasi yake ilikuwa na sentensi moja: "Anaondoka kutafuta maslahi mapana." Hakuna zaidi. Huyo sikumpeleka popote. Nilimwandikia "haijulikani", na nadhani hii ndiyo tabia ngumu zaidi kujifunza, kukubali kwamba karatasi nyingine hazina jibu. Kwa hiyo "maslahi 9", ambayo mkurugenzi angeisoma kama "mishahara yetu ni midogo", ilikuwa na watu 2 wanaosema hivyo waziwazi.

Kisanduku cha familia nacho kilikuwa na mambo yake. Kati ya watu 4, mmoja kweli alimfuata mwenzi wake aliyehamishiwa mkoa mwingine. Mmoja hakueleza. Wawili walikuwa mama wenye watoto wadogo, na karatasi ya mmoja wao, bahati nzuri, ilihojiwa na kijana wa ofisini kwetu mwenye mazoea ya kuandika mtu anavyosema. Nainakili: "Dada mwambieni bosi, ratiba naipata Jumapili saa mbili usiku, na Jumatatu naambiwa niingie usiku. Mtoto nampeleka wapi?" Juu ya maneno hayo, kwenye fomu, kuna tiki kwenye "familia". Mtoto ametajwa, basi ni familia. Lakini mtoto alikuwepo kabla ya kazi hii. Kilichobadilika ni ratiba.

Hapo ndipo njia ya tatu inapostahili muda wake. Haina miujiza, ni uvumilivu tu. Kila karatasi niliipa namba ya siri badala ya jina. Nikasoma mara moja bila kuandika chochote. Mara ya pili nikapigia mstari kila sentensi inayosema kwa nini, nikaiandika kando kwa maneno ya mhusika kadiri yalivyopatikana: "ratiba Jumapili usiku", "ovataimu ya Mei nimelipwa Julai", "alinisema mbele ya vijana". Maneno hayo yalifika kama 40. Nikayapanga mezani, yanayosema jambo moja yakakaa pamoja, na kila fungu likapata lebo. Zilibaki lebo tisa, ikiwemo "haijulikani".

Halafu jambo ambalo nilikuwa silifanyi zamani: kila lebo niliiandikia sentensi mbili, ya kwanza inasema nini kinaingia, ya pili nini hakiingii. Kwa mfano, "Ratiba: mtu anataja kuchelewa kupewa ratiba au kubadilishiwa shifti ghafla. Haingii anayelalamikia shifti ya usiku yenyewe kama alijua mapema." Bila sentensi ya pili, lebo inavimba kadiri unavyosoma, na karatasi ya kumi na tano inaingizwa mahali ambapo ya tatu isingeingia.

Matokeo yalikwenda kwenye jedwali la Excel: mstari mmoja kwa mtu mmoja, safu moja kwa lebo moja, 1 kama ametaja na wazi kama hakutaja. Hata akitaja mara sita ni 1. Hiyo ndiyo dawa ya yule dereva wetu. Safu B ina kitengo, safu D ina ratiba:

```
=SUM(D2:D20)
=COUNTIFS(D2:D20,1,B2:B20,"Ghala kubwa")
```

Ya kwanza ilitoa 7, ya pili 5. Watu 7 kati ya 19 walitaja ratiba, na 5 kati yao walikuwa wa ghala kubwa. Kwenye njia ya pili watu hawa walitawanyika: wawili kwenye familia, wawili kwenye uongozi, mmoja kwenye nyingine, na wawili kwenye maslahi, ambako ratiba ilikuwa lalamiko lao la pili. Orodha haikuwa na kisanduku cha ratiba, kwa hiyo ratiba haikuwepo. Waliofuata ni ovataimu kuchelewa, watu 5, kisha mpya kulipwa zaidi na kusemwa mbele ya wenzako, watu 3 kila moja.

Udhaifu wa njia hii ni msomaji. Ukishaiona ratiba mara tatu, ya nne utaiona hata isipokuwepo. Nilimpa mwenzangu karatasi 6 na maelezo ya lebo, bila kumwonyesha nilivyoweka mimi. Tulikubaliana kwenye 4. Karatasi mbili zilitugawa, zote zikimhusu mtu aliyesemwa vibaya mbele ya wapakiaji wenzake kwa kuchelewa kazini siku ambayo ratiba ilibadilishwa. Mimi niliweka ratiba, yeye akaweka kusemwa. Tulisoma tena na kukubaliana kwamba zote mbili zinaingia, kwa kuwa mtu anaruhusiwa sababu zaidi ya moja, na sentensi ya lebo ikaongezewa hilo. Kama mngetofautiana kwenye nusu ya karatasi, msijadiliane karatasi moja moja. Lebo zenyewe hazijaiva, rudini kwenye maana zake.

Kuhusu sababu zaidi ya moja, niongeze neno. Mwaka 1994 watafiti Thomas Lee na Terence Mitchell wa Chuo Kikuu cha Washington waliandika kwamba kuondoka kwa mtu mara nyingi huanzia kwenye tukio fulani linalomshtua na kumfanya aanze kuifikiria upya kazi yake, si kutoridhika kunakojikusanya taratibu peke yake. Kwenye mahojiano utaviona vyote viwili: kero ya muda mrefu, na siku ile. Fomu yenye tiki moja inamlazimisha mtu kuchagua, na kwa kawaida anachagua lile lisiloudhi. Siku hizi nina safu mbili za ziada kwenye jedwali: "lilianza lini" na "kitu gani kilitokea wiki ya kuandika barua". Safu ya mwezi ndiyo iliyoonyesha kwamba ratiba mpya ilianza Machi, na kwamba 6 kati ya wale 7 waliondoka kati ya Aprili na Julai.

Sasa namba zenyewe. Mkurugenzi aliposikia 7 kati ya 19, kitu cha kwanza alichosema ni, "Dada yangu, nipe asilimia." Asilimia ni 37. Sikumpa, na nilimweleza kwa nini.

Kwanza kuna wale 12 ambao hatukuwahoji. Saba waliacha tu kuja kazini, watatu walikataa kuhojiwa, wawili ofisi ilisahau. Hatujui walichokuwa nacho moyoni, lakini tunaweza kujua mipaka. Kama hakuna hata mmoja wao aliyeondoka kwa ajili ya ratiba, basi ni watu 7 kati ya 31, yaani karibu asilimia 23. Kama wote 12 waliondoka kwa ajili hiyo, ni 19 kati ya 31, karibu asilimia 61. Ukweli uko mahali fulani katikati, na hakuna hesabu itakayoupunguza upana huo isipokuwa kuwatafuta wale 12. Hesabu hii haihitaji kusoma takwimu chuoni, na naipenda kwa sababu mtu yeyote mezani anaweza kuirudia kwenye simu yake. Zaidi ya hapo, waliokosekana hawafanani na waliohojiwa: wengi wa wale saba walioacha kuja ni wapakiaji. Anayekaa kuhojiwa ni yule anayeondoka kwa amani, au anayehitaji kitu kwetu.

Hilo la kuhitaji kitu lisipuuzwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri amlipe anayeondoka haki zake na kumpa cheti cha utumishi. Ni haki yake, lakini mtu anayekaa mbele yako akisubiri malipo ya mwisho na karatasi zake hajisikii huru kukuambia kwamba msimamizi wake humtukana. Katika maelezo yetu, waliohojiwa baada ya kulipwa kila kitu walikuwa 4 tu, na 3 kati yao ndio waliotaja kusemwa mbele ya wenzao. Watu wanne ni wachache mno kujenga juu yake hoja yoyote. Ilinitosha kubadili utaratibu: sasa tunalipa kwanza, ndipo tunahoji.

Pili kuna ile tamaa ya kulinganisha miaka. Nilisoma upya maelezo 15 ya mwaka uliotangulia kwa lebo zilezile, na ratiba ilitajwa na watu 4. Nne kati ya 15 ni asilimia 27; saba kati ya 19 ni 37. Kwenye slaidi hiyo inaitwa ongezeko la asilimia kumi, na mtu atachora mshale mwekundu. Lakini kwenye maelezo 19, mtu mmoja ana uzito wa zaidi ya asilimia tano. Watu wawili wangehojiwa siku nyingine wakasema jambo jingine, zingekuwa 5 kati ya 19, asilimia 26, na ongezeko limekwisha. Kabla ya kuandika neno "imeongezeka", uliza ni watu wangapi wangebadili jibu ili ongezeko lifutike. Jibu likiwa mmoja au wawili, acha neno hilo.

Tatu, na hili lilinisumbua zaidi: wale 7 si mashahidi saba waliotoka pande saba. Watano walifanya kazi ghala moja, chini ya msimamizi mmoja, wakiongea kila siku kwenye kundi moja la WhatsApp. Walikuwa wanaeleza jambo moja lililowakuta pamoja. Hii haipunguzi ukweli wa walichosema. Inabadilisha tunachoruhusiwa kusema: tunajua kitu kuhusu ghala kubwa, hatujui kitu kuhusu ratiba kwenye kampuni nzima.

Njia nzuri ya kutoka kwenye sampuli ndogo ni kutafuta ushahidi usiotegemea mahojiano. Ratiba za ghala kubwa zilikuwa zinatumwa WhatsApp, na ujumbe una saa. Tulirudi nyuma wiki 12. Katika wiki 8 kati ya hizo, ratiba ya Jumatatu ilitumwa Jumapili baada ya saa kumi na mbili jioni. Hapo hatuzungumzii tena hisia za watu 7, tunazungumzia jambo lililotokea na lenye tarehe.

Nilikwenda pia kuongea na watu 10 waliobaki ghala lilelile, kwa sababu faili la walioondoka lina kasoro ya asili: waliobaki hawamo. Wanane kati yao walilalamikia ratiba ileile. Ilinirudisha nyuma kidogo. Kama wanaobaki nao wanalalamika hivyo hivyo, basi ratiba ni kero ya kweli, lakini siwezi kusema ndiyo inayoamua nani aondoke na nani abaki. Huenda walioondoka walikuwa na mlango mwingine uliofunguka, na ratiba ikawasukuma kuupita. Kwa maelezo 19 sitawahi kulijua hilo kwa uhakika.

Hata hivyo uamuzi ulikuwa rahisi, na ndilo jambo ninalotaka msomaji alichukue kwa matumizi yake. Pima ushahidi kwa gharama ya kile unachotaka kukifanya. Kuagiza ratiba itolewe Alhamisi hakugharimu kitu, na kukionekana hakusaidii unarudi ulipokuwa. Kwa hatua kama hiyo, watu 7 na ujumbe wa WhatsApp wa wiki 12 wanatosha na kubaki. Kupandisha mishahara ya watu 140 ni hatua isiyorudi nyuma, na tiki 9 kwenye kisanduku cha "maslahi", zenye watu 2 tu ndani wanaolalamikia kiwango, haziwezi kuibeba. Kama tungebaki na njia ya pili, mjadala wa kikao ungekuwa huo wa mishahara, ungekwama kwenye bajeti, na ratiba ingeendelea kutoka Jumapili usiku.

Kwa hiyo ipi uchague? Ukiwa na maelezo chini ya 10, soma na uandike kisa kimoja kimoja kwa ufupi, usihesabu, na usiseme "wengi". Ukiwa kati ya 10 na 40 hivi, nenda na njia ya tatu. Rundo ni dogo kiasi cha kulimaliza kwa siku mbili tatu, na ni kubwa kiasi cha kukudanganya ukilisoma kwa macho tu. Ukiwa na mia na zaidi, au matawi mengi yanayohojiwa na watu tofauti, utahitaji orodha ya visanduku, ila itengeneze kwa kusoma kwa njia ya tatu maelezo 30 ya kwanza, ruhusu tiki zaidi ya moja, acha mistari ya maneno ya mhusika, na uikague kila mwaka. Kisanduku cha "nyingine" kikianza kujaa, orodha imeshazeeka. Sipendekezi orodha zinazonakiliwa kutoka kampuni nyingine, kwa sababu ndizo zenye "maslahi" na "mazingira ya kazi" juu kabisa.

Jambo moja la tahadhari linahusu majina. Kwenye sampuli ndogo, kuondoa jina hakumfichi mtu. "Mtunza stoo mmoja wa ghala dogo, aliyeondoka Juni" ni mtu mmoja tu duniani na kila aliye ofisini anamjua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Maelezo ya mahojiano yanayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi. Utaratibu wetu ni kutotoa mgawanyo wowote wenye watu chini ya 5, na kutonukuu maneno ya mtu bila ruhusa yake. Yale ya mama niliyoyanukuu hapa niliyaombea ruhusa kwake, na nimeyabadili kidogo. Habari ya ghala kubwa ilimhusu pia msimamizi, kwa hiyo haikusomwa kwenye kikao. Aliambiwa faraghani na meneja wake, akapewa nafasi ya kueleza. Ikajulikana kwamba yeye mwenyewe alikuwa anapokea orodha ya magari ya Jumatatu kutoka mauzo Jumapili saa kumi na moja jioni. Hakuna karatasi hata moja kati ya 19 iliyojua hilo.

Rasimu yangu ya kwanza ilisema: "Asilimia 37 ya wafanyakazi wanaondoka kwa sababu ya ratiba mbaya." Iliyokwenda kwa mkurugenzi ilisomeka hivi: "Kati ya walioondoka 31, tulihoji 19. Saba walitaja ratiba ya shifti kuchelewa. Watano ni wa ghala kubwa, na sita waliondoka kati ya Aprili na Julai, baada ya ratiba kubadilishwa Machi. Kumbukumbu za WhatsApp zinaonyesha ratiba ilitoka Jumapili jioni katika wiki 8 kati ya 12. Hatujui sababu za wale 12 ambao hawakuhojiwa. Tunapendekeza mauzo watoe orodha ya magari Jumatano na ratiba itoke Alhamisi, kwa miezi mitatu, kisha tuangalie tena." Alisoma mara mbili, akauliza kama wale saba walioacha kuja bado wana namba zao za simu kwenye faili. Watano walikuwa nazo.